Ileostomi sio kolostomi: maneno niliyosema Ujiji kwa wenye mfuko tumboni na wanaowauguza

Shikamooni wazee wangu, mama zangu shikamooni, na nyie vijana mambo vipi. Karibuni, kaeni vizuri, mwenye mfuko akitaka kutoka kwenda kumwaga atoke tu asiombe ruhusa, leo humu ndani wote tunajuana. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, na nilichokuja kusema leo ni kimoja tu ingawa ntazunguka kidogo: mwenye ileostomi asifuate maelekezo ya mwenye kolostomi. Wote mnaona mfuko, wote mnaona kile kinyama chekundu kimetoka tumboni, mnadhani ni kitu kilekile. Sio kilekile jamani, na nimeona mtu alivyokaribia kutupotea kwa sababu hiyo.

Alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo, mvuvi wa dagaa, kwao ni vijiji vya ziwani huko kusini unaenda kwa boti. Alipata homa ya matumbo, taifodi, akaimezea dawa za dukani wiki mbili, taifodi ikatoboa utumbo. Taifodi ikitoboa huwa inapenda kutoboa mwisho wa utumbo mwembamba, pale karibu na unapoungana na utumbo mpana, kwaiyo daktari akakata palipooza akautoa utumbo mwembamba nje upande wa kulia chini ya kitovu. Hiyo ndo ileostomi. Akaruhusiwa siku ya 9 akafikia hapa mjini kwa mama yake mdogo.

Sasa jirani yao kuna mzee mmoja, mtu mwema sana, yeye ana mfuko mwaka wa pili. Utumbo wake mpana ulijisokota, wakakata kipande, wakautoa nje upande wa kushoto. Hiyo kolostomi. Mzee akaja kumsabahi kijana akamwambia mwanangu usiogope, mimi mwenzio, kunywa maji mengi sana, kula mapapai na mboga za majani choo kisikauke, mfuko badilisha ukijaa, na kisipotoka kitu siku mbili usihangaike. Alisema kwa upendo na kila neno kwake yeye mzee ni kweli kabisa. Kwa yule kijana karibu kila neno lilikuwa sumu.

Ngoja niwaeleze kwa nini, na hapa ntakaa kidogo. Chakula kikitoka tumboni kinapita utumbo mwembamba, huko kinalainishwa kinakuwa kama uji mwepesi, na kwa mtu mzima kila siku kama lita moja na nusu ya huo uji inaingia utumbo mpana. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji na chumvi iliyobaki, unanyonya unanyonya mpaka kinatoka choo kigumu. Yule mzee utumbo wake mpana umebaki karibu wote, kimepungua kipande cha mwishoni tu, kwaiyo choo chake kimeshakaushwa, kinatoka mara moja au mbili kwa siku, kina umbo, kinanuka zaidi na gesi anayo, lakini maji yake ya mwili yako salama. Shida yake ni kukauka choo ndo maana anakula mapapai. Kolostomi ikitolewa katikati ya utumbo mpana choo kinakuwa laini zaidi, ila bado sio sawa na ileostomi.

Kijana yeye hana pa kunyonyea. Uji unatoka vilevile ulivyo, usiku na mchana, haupangi saa. Mwanzoni baada ya oparesheni unatoka mwingi, alafu wiki zinavyoenda utumbo mwembamba unajifunza kunyonya kidogo, unatulia kwenye nusu lita mpaka lita moja kwa siku, mzito kama uji wa mtoto. Hiyo ndo kawaida yake, mwenye ileostomi kumwaga mara 5 au 6 kwa siku sio kuharisha. Lakini ikipita lita moja na nusu kwa siku hiyo sasa ni nyingi mno, na kwenye kila lita inayotoka kuna chumvi inakaribia kijiko cha chai kizima. Kijiko cha chai cha chumvi mama zangu mnakijua, mnatia kwenye sufuria ya familia. Huyu anamwaga chooni kila siku viwili.

Mama yake mdogo alinipigia siku ya 12 tangu watoke hospitali. Nikamwambia shikamoo mama, akasema marahaba baba, huku kwetu kuna maajabu, kila akinywa ndo mfuko unajaa, jana katumia ndoo nzima ya maji na bado analalamika kiu, na miguu inamkaza usiku analia. Nikauliza mkojo vipi. Akasema tangu asubuhi kakojoa mara moja, kidogo, rangi ya chai ya rangi.

Hapo mnaona? Huyu sio mtu wa maji machache, huyu anamaliza ndoo. Iko hivi: maji matupu hayana chumvi. Mtu ambaye mfuko wake unatoa nyingi akijaza maji matupu kwenye utumbo mwembamba, utumbo unavujisha chumvi kutoka kwenye damu kuingia kwenye yale maji, alafu hakuna utumbo mpana wa kuirudisha, vinatoka vyote mfukoni. Kwaiyo anakunywa lita, anatoa lita na chumvi juu yake. Akiona kiu anaongeza maji, mfuko unaongeza. Chai ya rangi vilevile. Soda na juisi tamu ni mbaya zaidi maana ile sukari nyingi inavuta maji mwilini kuyaleta kwenye utumbo. Simwambii mwenye ileostomi asinywe maji, yule ambaye mfuko wake uko chini ya lita moja na mkojo wake mweupe anywe maji yake kawaida na chumvi atie vizuri kwenye chakula. Nasema yule ambaye mfuko unafurika, kiu haikatiki, misuli ya miguu inakaza, akisimama anaona giza, huyo maji matupu yanammaliza.

Nikawaambia njooni hospitali sasa hivi na njiani mkusanye yote yatakayotoka. Walipofika tukapima, kwa masaa 24 ilifika lita 2 na robo. Presha chini, akisimama inashuka zaidi, kipimo cha figo kimepanda. Akawekewa dripu ya chumvi, sio ile ya sukari. Alafu daktari akafanya kitu mama mdogo alikishangaa sana, akapunguza maji ya kunywa. Maji na chai vyote kwa pamoja visizidi lita moja kwa siku, na badala yake anywe ORS lita moja, pakti moja kwenye lita moja ya maji safi, soma pakti yako maana zingine ni za maji machache, anakunywa kwa mafunda siku nzima sio kwa kupiga tarumbeta. Kama pakti hamna na uko kijijini, lita moja ya maji, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa juu na chumvi nusu kijiko cha chai, ni afadhali kidogo kuliko maji matupu lakini chumvi yake ni pungufu ya pakti kwaiyo isiwe dawa ya wiki nzima, ni ya kukufikisha kituoni.

Alafu wakahakikisha hana maambukizi mengine tumboni na utumbo haujaziba, ndo wakampa loperamaidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, vidonge 2 vya miligramu 2, nusu saa kabla ya kula na kabla ya kulala. Kabla ya kula, sio baada, maana inatakiwa ikute utumbo bado haujaanza kukimbia. Msikimbilie kuinunua wenyewe jamani, mtu mwenye homa au tumbo limevimba hii dawa inamharibia. Na ugali wa muhogo, wali, ndizi za kupika, viazi, vikarudi kwenye sahani, vinakaza ule uji. Siku ya 5 mfuko ukashuka mililita 900, mkojo ukawa mweupe, akaanza kuulizia mgebuka wa kuchoma.

Kwaiyo kitu cha kwanza nawaomba mwenye ileostomi awe na chombo cha kupimia. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, weka alama kwa peni kila robo lita, hiyo ni ya kazi hiyo tu. Wiki 6 za kwanza pima kila unapomwaga andika kwenye daftari. Na mkojo andika. Ikipita lita moja na nusu siku mbili mfululizo, au hata siku moja lakini unaona giza ukisimama, usisubiri. Mwenye kolostomi haina haja ya chupa.

Na kile cha mzee kwamba siku mbili bila kutoka kitu usihangaike? Kwake sawa, kolostomi inaweza kupumzika siku moja au hata mbili. Ileostomi ikikaa masaa 4 mpaka 6 haijatoa kitu na tumbo linasokota, au unatapika, hiyo imeziba, ni hospitali. Mara nyingi kilichoziba ni chakula, na huku kwetu namjua mhalifu: mahindi ya kuchoma, karanga, nazi, uyoga, nyuzi za maembe. Kwenye utumbo uliotoka kukatwa bado umevimba, vinajikusanya pale mlangoni kama takataka kwenye mtaro. Wiki 6 hadi 8 za kwanza viache, baadaye onja kidogo kidogo, tafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Na dawa ya kulainisha choo mwenye ileostomi asipewe kamwe, mtu anaona haitoki anampa dawa ya kuendesha, hapo anaua. Kingine, ukiona kidonge kizima kwenye mfuko mwambie daktari, kuna vidonge vimetengenezwa vifunguke mbali na kwako havifiki huko mbali, labda ubadilishiwe ya maji au ya kawaida.

Haya tuje kwenye ngozi maana hapa ndo kilio.

Wakati yule kijana yupo kitandani nilifungua mfuko nikaona nyama mbichi, duara zima kuzunguka stoma, yaani kile kinyama chekundu cha utumbo, limechubuka linatoa maji, akiguswa anaruka. Walifikiri ni aleji ya gundi. Mama mdogo alikuwa anampaka mawese kila akibadilisha, kwa nia njema, mawese si tunapaka kila kitu. Nikaangalia kile kibandiko cha gundi kinachoshikilia mfuko kwenye ngozi, tundu lake limekatwa milimita 45. Nikapima stoma, milimita 28. Hesabu hiyo, kuna pete ya ngozi upana wa milimita 8 na nusu kila upande imekaa wazi inaogeshwa na uji usiku na mchana.

Ilikuwaje? Wodi aliyotoka walimkatia vibandiko 10 vyote saizi moja siku anaondoka, kumsaidia. Siku ile stoma ilikuwa imevimba, kweli ilikuwa na milimita 40. Hakuna aliyemwambia kwamba stoma inanywea, inapungua wiki kwa wiki mpaka wiki ya 6 au ya 8 ndo inatulia. Hili linaniuma kwa sababu ni sentensi moja tu ilikosekana.

Na kwa nini yule mzee hata akikata tundu kubwa ngozi yake haiungui sana? Kwa sababu choo chake kimetembea safari ndefu, vile vimeng'enya vya kongosho vya kusagia nyama na mafuta vimeshapungua nguvu, na kigumu hakitapakai. Uji wa ileostomi una vimeng'enya vilevile vilivyotoka kumsaga mgebuka dakika chache zilizopita, bado viko kazini. Vikikuta ngozi yako vinaisaga vilevile, havijui hii ngozi na ile nyama. Ndo maana daktari akitengeneza ileostomi anaiacha ichomoze sentimita 2 au 3 kama kimdomo cha birika, ili imwage ndani ya mfuko sio juu ya ngozi. Ya kolostomi inaweza kukaa karibu sawa na tumbo na bado akaishi vizuri.

Sasa tulivyomtibu ndo hivi na ndo mtakavyofanya nyumbani. Badilisha asubuhi kabla ya chai, utumbo umetulia. Kubandua usivute kibandiko, shika pembe ya juu alafu sukuma ngozi chini taratibu kama unamenya ndizi iliyoiva sana. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, basi. Spiriti hapana, dawa za kuulia vijidudu hapana, sabuni yenye mafuta au manukato hapana. Ikitoka damu kidogo stoma ukiifuta usiogope, ina mishipa mingi, ila haina hisia ya maumivu, kwaiyo tundu likibana sana linaweza kuikata na wewe hujui. Rangi yake iwe nyekundu kama ndani ya mdomo wako, ikigeuka zambarau au nyeusi hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kausha mpaka ikauke kweli, pepea hata kwa kipande cha katoni. Kibandiko hakishiki kwenye unyevu wala kwenye mafuta. Mawese, vaselini, mafuta ya nazi, losheni, vyote vinafanya kibandiko kielee, uji unapita chini yake, ngozi inaungua zaidi, unapaka tena zaidi. Pale palipochubuka tu nyunyiza pauda ya stoma, sio ya mtoto ile ya manukato, kung'uta inayozidi, alafu gusagusa kwa kitambaa chenye maji kidogo igande iwe kama ukoko, subiri ikauke, unaweza kurudia mara mbili tatu. Juu ya huo ukoko kibandiko kinashika na chini yake ngozi inapona.

Tundu lizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Kwa kijana tukakata 31. Alafu pasha kibandiko katikati ya viganja, bandika ukiwa umelala au umesimama wima sio umejikunja, weka kiganja juu yake dakika mbili tatu gundi ishike kwa joto. Baada ya siku 3 tulipobandua sehemu kubwa ilikuwa imefunga ngozi mpya, baada ya wiki mbili imebaki alama tu. Hakuna dawa ya ajabu iliyotumika pale, ni tundu.

Kibandiko kinatakiwa kikae siku 3 mpaka 4. Mfuko mwage ukifika theluthi, usingoje nusu ipite, maana uzito wa maji unavuta kibandiko kinaachia upande wa chini. Lakini ukisikia kuwasha au moto chini ya kibandiko usihesabu siku, bandua hata kama ulibandika jana, hapo uji umeshapita. Watu wanakizungushia plasta kwa juu ili kisivuje, mnachofanya ni kuufungia uji ndani na ngozi yako.

Na ukibandua kiangalie kibandiko kwa nyuma, kinaongea. Ikiwa kidonda ni pete sawasawa kuzunguka stoma, tundu ni kubwa. Ikiwa ni upande mmoja, mara nyingi chini, kaa kitako ujiangalie kwenye kioo utaona tumbo linakunjika hapo, panahitaji kujazwa kwa pesti ya stoma, ile gundi nzito ya kujazia mikunjo, kabla ya kubandika. Ikiwa ni wekundu umefuata umbo lote la kibandiko mpaka pembeni, hapo ndo ufikirie aleji, badilisha aina. Na ukiona vipele vidogo vyekundu vimetawanyika nje ya wekundu mkubwa na vinawasha sana, hiyo ni fangasi, inataka pauda ya fangasi sio krimu, kwa sababu ileile ya mafuta.

Najua kuna mwenzetu atauliza mifuko ikiisha. Inaisha, nawaelewa, boti haiji wiki nzima na dukani hamna. Mwenye kolostomi anaweza kujifunga kitambaa safi siku mbili tatu akabadilisha ikichafuka, sio raha lakini ngozi yake itavumilia. Mwenye ileostomi akifanya hivyo asubuhi, jioni kashaungua. Kama imekulazimu kabisa, hapo ndo krimu nzito ya zinki inafaa, ipake nene kama unatandaza siagi, weka kitambaa kinachonyonya, badilisha kila kikilowa, krimu usiisugue yote itoke futa uchafu wa juu tu ongeza nyingine. Siku ukipata kibandiko ndo unaiosha yote, maana juu yake hakitashika. Na aliyebakiwa na vibandiko 2 aseme akiwa na 2, asingoje kubandika cha mwisho.

Yule mzee jirani nilimfuata nikamweleza haya yote. Alisikitika sana, akaniambia mwanangu mimi nilijua ni ugonjwa mmoja. Sasa hivi yuko pale nyuma kakaa na kijana mwenyewe, wameniruhusu wote niwasimulie, mzee ndo huyo anayegawa katoni.

Kila mmoja achukue kipande. Chora duara la milimita 25, lingine 28, lingine 31, 35, mpaka 40, kata yote yawe matundu. Kesho asubuhi kabla ya chai pitisha juu ya stoma yako, tundu linalozunguka bila kugusa na kuacha nafasi kidogo sana ndo saizi yako ya wiki hii, andika kwenye daftari na tarehe. Mikasi ipo minne, pokezaneni.